Maelezo ya Magunia Yaliyopasuka

Kwenye shamba la ngano la serikali, huku Hanang, magunia yetu yalikuwa na adabu: yalisubiri kwanza yajae ndipo yapasuke. Shehena ya tatu ilipoachia mishono na mvua iko karibu, bwana stoo, ambaye ndiye angeulizwa ngano iliyomwagika, aliniambia nimwandikie mzabuni aliyetushonea.

Nikamwambia mimi huandika kwa upole. "Usijali," akasema, "na yeye anashona hivyohivyo."

Tulitaka maelezo ya maandishi: kwa nini mishono inaachia kila mara, na atarekebisha vipi. Magunia mazima yafike ifikapo Ijumaa, la sivyo tunarudisha yote na kutafuta mzabuni mwingine.

Jumatano mzabuni, ambaye ni mzee, alikuja mwenyewe na barua iliyopigwa chapa. Tukampa shikamoo. Barua ilieleza kwamba magunia ni imara, ila ngano yetu ni nzito kupita kawaida.

Bwana stoo aliisoma kwa heshima zote. "Basi mzee, ngano nayo ijitetee."

Tukajaza gunia moja, tukalisukuma kutoka juu ya lori kama tunavyojaribu siku zote. Likapasukia kwenye viatu vya mzee.

"Kweli ni nzito," akasema.

"Pole, mzee. Andika upya."

Akaketi juu ya mzani akaandika kwa mkono kwamba mishono ilipitishwa uzi mmoja badala ya nyuzi mbili, na kwamba atashona upya.

Ijumaa asubuhi yakaja magunia mengine. Tukayajaza, tukayasukuma, yakatulia. Ngano yetu ilikuwa imepungua uzito ghafla.