Gari Jekundu la Mhadhiri

Fundi Kinyonga amepaka magari rangi miaka thelathini, na shemeji yake mhadhiri bado humwita "kibarua". Siku hiyo mhadhiri alilikuta gari lake gereji kwa Kinyonga, limepakwa nyekundu iliyofifia kama tofali, akataka kuondoka nalo vilevile.

"Umeniharibia gari!"

"Tulia, shemeji, wewe si msomi? Praima, ile rangi ya kwanza ya chini, imeshika bati, inazuia kutu. Hiyo nyekundu ni rangi tu, haina kinga mpaka ipate vanishi juu yake. Ukiondoka nayo hivyo, jua na mvua vitaila."

Kinyonga akavaa barakoa, akapuliza vanishi, angavu kama maji. Wekundu ukaamka, ukawa na kina kama kisima. Vanishi ilipokauka, mhadhiri alijiona kwenye mlango wa gari kama kwenye kioo, kipara chote, mdomo wazi.

"Shikamoo, fundi," akanong'ona.