Mti Uliokuwa Ndani ya Akaunti

Akaunti iliibiwa mchana kweupe, mikono ya Mama Kadogo ikiwa kwenye kichwa cha Mwalimu.

Alikuwa amesimama tangu asubuhi. Kichwa cha kwanza kilimla saa tatu, cha pili saa mbili, na hiki cha Mwalimu kilikuwa cha mistari myembamba, ile ambayo mteja anaipenda na msusi inamvunja kiuno. Vidole vilikuwa vimejaa mafuta hadi kwenye kucha. Simu yake ikalia kwenye meza ya kioo.

"Mwalimu, hebu nitazamie. Mikono yangu unaiona."

Mwalimu akaichukua bila kugeuza shingo. "Ni ule mchezo wako wa maua. Mtu anasema, 'Shoga, nimekutumia zawadi, nipe namba sita zilizoingia kwenye barua pepe yako nikufungulie.' Na namba zimeingia kweli, nimeziona zikipita hapo juu. Nimpe?"

"Jina lake?"

Mwalimu akalisoma. Lilikuwa jina la mwanamke wa kundi lao la mchezo, aliyekuwa akisalimia kila asubuhi.

"Mpe tu, ni mwenzetu huyo."

Mwalimu akaandika namba sita, akazituma, akairudisha simu mezani. Mama Kadogo akaendelea na msuko. Alipomaliza, akanawa mikono na kuufungua mchezo, ukamwambia aingie upya kama mgeni. Akaweka barua pepe yake. Ukamjibu kwamba barua pepe hiyo haina akaunti.

"Kwani umepoteza nini?" akauliza Kidole, msusi mwenzake wa kiti cha pili. "Maua ya kwenye simu? Mtu mzima mwenye mtoto na mume unalilia maua ambayo huwezi hata kuyanusa?"

Mama Kadogo akachukua ufagio, akafagia nywele zilizokwishafagiliwa.

Hakulilia maua. Ndani ya bustani ile kulikuwa na mti ambao haukuwa wake.

Miaka minne nyuma alijifungua mtoto wa miezi saba, kilo moja na robo, ndiyo maana mpaka leo anaitwa Kadogo. Wiki tisa alikaa wadi ya watoto njiti, kila baada ya saa tatu akikamua maziwa na kuyapeleka kwenye chumba cha joto, halafu kurudi kukaa na kuiangalia saa ya ukutani. Mwanamke wa kitanda cha pili ndiye aliyemwekea ule mchezo kwenye simu. "Panda maua, jirani, utachanganyikiwa ukiitazama hiyo saa." Wakazoea kuitana Jirani, na mpaka leo hawaitani vingine.

Mtoto wa Jirani aliishi siku kumi na moja, akafariki tarehe kumi na nne.

Asubuhi ya kuruhusiwa, Jirani alikaa kitandani na mfuko wake wa nguo miguuni, akamtumia Mama Kadogo zawadi ndani ya mchezo: mti mmoja, na kibao chenye jina la mtoto. Kisha akaufuta mchezo kwenye simu yake. "Nitunzie. Mimi sitaweza kuwa nafungua." Tangu hapo, kila tarehe kumi na nne, Mama Kadogo aliumwagilia, akaupiga picha, akaituma. Jirani alijibu kwa neno moja, asante, na mwezi ukapita.

Sasa ilikuwa tarehe nne. Na mwizi wa akaunti haibi ili atunze. Anauza kila kinachouzika, anasafisha uwanja, kisha anaiuza akaunti yenyewe.

"Mimi ndiye niliyeandika zile namba," akasema Mwalimu, uso umemshuka. "Barua nitaiandika mimi. Wana kitengo cha huduma kwa wachezaji, na Kiingereza changu hakijawahi kukataliwa na mtu."

Akaiandika palepale, kichwa kikiwaka kwa msuko mpya. Ilikuwa barua nzuri, yenye "kwa heshima na taadhima" na "tendo hili la kikatili". Fomu yao ilipouliza akaunti ilifunguliwa lini, akajaza mwanzoni mwa mwaka fulani. Simu ya kwanza kuchezea? Akajaza hii aliyoishika mkononi. Namba ya mchezaji? Akaruka. Risiti? Akaandika kwamba zimepotea.

Baada ya siku mbili jibu likaja. Walishukuru, wakasikitika, kisha wakasema maelezo hayalingani na kumbukumbu zao, hivyo hawawezi kuthibitisha kwamba yeye ni mwenye akaunti. Lipi halilingani? Hawakusema. Angeweza kuleta ushahidi zaidi kwa kujibu barua ileile.

"Hawasemi kwa makusudi," Mwalimu akasema akivua miwani. "Wakisema, mwizi naye atajifunza. Nami nilijaza kwa kukisia, Mama Kadogo. Mwanafunzi wangu angefanya hivi ningempa sifuri."

Mama Kadogo alirudi nyumbani miguu imevimba. Akakaa kwenye kigoda, Kadogo akamparamia mgongoni kama ilivyo desturi yake, naye akaanza kukusanya ukweli kidogo kidogo, kama mtu anayeokota shanga sakafuni.

Tarehe ilikuwa kwenye kadi ya kliniki. Mtoto alizaliwa tarehe tatu, na mchezo ulianza siku ya pili yake, kwa sababu alikumbuka kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo alikesha na kuitazama saa. Simu ya kwanza ilikufa zamani, ila boksi lake lilikuwepo, ndimo alimoweka sindano za kushonea nywele. Akazimwaga kitandani, akageuza boksi. Jina la simu na namba ya toleo vyote vilikuwa pale, chini ya doa la mafuta.

Risiti zilimpeleka kwa fundi simu.

"Dada yangu, risiti zako ninazo," fundi akasema bila kuinua macho kwenye simu aliyoifungua utumbo. "Shida ni kwamba na za wengine ninazo."

"Kivipi?"

"Ulivyonunua simu hii ya pili, nani alikuwekea stoo ya programu? Mimi. Kwa barua pepe ya nani? Yangu. Nusu ya mtaa huu inanunua vitu kwa barua pepe yangu. Mnakuja mnasema fundi niwekee haraka, mtoto analia, nami nawawekea haraka."

Ilikuwa kweli. Alikuja na Kadogo mgongoni, akasema haraka.

Fundi akaandika jina la mchezo, na risiti zikamwagika kama mchele kwenye gunia lililotoboka. Wateja wake wengine watatu walicheza mchezo uleule, na risiti haikusema ni simu ya nani. Akasogeza kidole chini, akachoka, akapiga miayo.

"Tafuta siku Kadogo alipotimiza mwaka," Mama Kadogo akasema. "Siku hiyo nilijinunulia kifurushi cha mbegu. Ndiyo mara yangu ya pekee."

Siku hiyo ilikuwa na risiti moja tu. Namba ya oda ikawa ndefu kama mstari wa sala. Fundi akaipiga picha, akamtumia.

Ikabaki namba ya mchezaji. Ilikuwa ikiandikwa kwenye kona ya bustani, lakini picha zake zote alizifuta kila simu ilipojaa, akimpisha mtoto na picha zake za meno mapya. Mtu mmoja tu duniani alikuwa nazo.

Siku nzima alizunguka na simu mfukoni. Alisuka vichwa viwili, akakosea mstari mmoja, akaufumua. Mwisho akaketi kwenye ndoo nyuma ya saluni, kwenye harufu ya nywele zilizochomwa, akapiga.

"Jirani."

"Jirani. Mbona leo? Tarehe bado."

"Nimeibiwa akaunti. Nilitoa namba za siri kwa uzembe wangu, nikadhani ni mtu wa kundi. Bustani haiko mikononi mwangu. Sijui kama mti bado upo. Nilitaka niirudishe kwanza ndipo nikuambie. Nimeshindwa."

Akasikia kwa mbali mtu akiosha vyombo.

"Unataka nini kwangu?" Jirani akauliza. Sauti haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu aliyechoka tu.

"Picha moja. Yoyote niliyokutumia."

"Subiri."

Alizituma zote. Arobaini na kitu, moja baada ya nyingine, simu ikitetemeka mapajani mwa Mama Kadogo mpaka ikapata joto. Alikuwa hajafuta hata moja.

Barua ya pili Mwalimu aliitia kwenye Kiingereza, lakini maneno yalikuwa ya Mama Kadogo. Mwalimu alitaka kuficha habari ya fundi. "Wataona risiti ina barua pepe ya mwanaume mwingine, watadhani sisi ndio wezi."

"Andika ilivyo."

Basi akaandika ilivyo:

*Akaunti niliifungua siku moja baada ya kujifungua, na tarehe ni hiyo hapo. Simu ilikuwa hii, picha ya boksi nimeambatanisha. Nimewahi kununua mara moja tu, namba ya oda ni hii. Barua pepe ya kwenye risiti ni ya fundi aliyeniwekea simu ya pili, kwa sababu sikujua kwamba na kununua kunataka barua pepe yangu mwenyewe. Barua pepe niliyounganisha na mchezo ni hii, na mwizi ameibadilisha. Namba sita nilizitoa mwenyewe, tarehe nne, saa nane mchana, nikiwa kazini. Kosa ni langu. Barua ya kwanza ilikuwa na majibu ya kukisia, naomba mnisamehe. Picha hizi ni za bustani ileile kwa miaka minne, na namba ya mchezaji inaonekana kwenye kona. Kuna mti wenye kibao. Maua mnaweza kuyaacha.*

Siku iliyofuata waliandika kwamba wameifunga akaunti kwa yeyote wakati wanachunguza. Kisha kimya. Tarehe kumi na nne ikafika, ikapita. Mama Kadogo alisuka, akafagia, akambeba mtoto. Hakutuma kitu, na Jirani hakuuliza.

Tarehe kumi na tisa walijibu. Umiliki umethibitishwa. Alitakiwa kutoa barua pepe mpya ambayo haijawahi kutumika kwenye mchezo. Safari hii aliitengeneza mwenyewe, Mwalimu akisimama pembeni mikono nyuma, amekatazwa kugusa. Namba sita zilipoingia, Mama Kadogo aliziziba kwa kiganja hata Kidole asizione.

"Mimi nitazipeleka wapi?" Kidole akanung'unika, ila alikuwa amesogeza kiti.

Bustani ilikuwa uwanja wa vumbi. Maua hakuna, kisima hakuna, kuku hakuna, almasi sifuri. Barua ilikuwa imeshamwambia: vilivyouzwa havirudishwi. Akafungua ghala. Kitu kilichotolewa kwa zawadi mchezo haukubali kiuzwe, mwizi angeweza kukisukuma ghalani tu. Ghalani kulikuwa na miti miwili. Mmoja ni ule aliompandia Kadogo siku ya kutoka wadini, aliopewa zawadi na mchezo wenyewe. Wa pili ulikuwa na kibao, na jina liko palepale.

Akakaa kwenye kiti cha wateja. Akapiga simu.

"Upo," akasema. "Lakini vingine vyote vimekwisha, Jirani. Uwanja ni mtupu. Sijui niuweke wapi. Zamani niliuweka kule mwisho, karibu na lango, mbali na wa Kadogo. Niliona nisikuonyeshe wa kwangu kila mwezi."

Jirani akasikika akifunga mlango.

"Nilikuwa nauona wako kwenye kona ya picha," akasema. "Tawi moja tu. Nikawa najiuliza mtoto amekua kiasi gani, na wewe hunitajii. Waweke pamoja. Si walilala chumba kimoja?"

Mama Kadogo akafuta kidole chenye mafuta kwenye aproni, akaushika mti wa kwanza, akauweka katikati ya ule uwanja mtupu. Kisha akaushika wa pili.