Mali Ukitoa Deni

Kuandika nilijifunza kwenye kisomo cha watu wazima kijijini kwetu Ziwani, na kitu cha kwanza nilichoandika ni mali yetu. Kila baada ya miezi minne nilijumlisha pesa na mbuzi, kila mbuzi kwa shilingi sitini, kisha nikatoa madeni.

Msimu mmoja, baada ya kuuza korosho, mume wangu akatandaza mkekani shilingi mia mbili na sitini.

"Mama watoto, tumetajirika! Nanunua redio."

Nikafungua daftari. "Mwezi wa tatu tulikuwa na shilingi ishirini na mbuzi watano, deni mia. Leo mbuzi wawili, deni mia na sitini. Ukitoa deni, siku ile mia mbili na ishirini, leo mia mbili na ishirini. Mbuzi umewauza, hujatajirika."

"Una roho ngumu wewe!"

Lakini deni alilipa.

Mwaka uliofuata mfukoni tulikuwa na shilingi kumi tu, ila mbuzi walikuwa sita na hatukudaiwa na mtu. Mia tatu na sabini! Akalibeba daftari hadi kwa kaka yake, akajigamba kana kwamba kaandika yeye. Nikamwacha ajigambe.