Nukta za Ukurasa wa Shukrani

Walisema mtoto wa mkulima wa Kondoa hawezi kuandika tasnifu. Nilirudi kutoka ng'ambo na shahada yangu ya kwanza, nikaandika tasnifu ya uzamili juu ya zabibu za Makutupora. Ulibaki ukurasa wa shukrani, na kesho yake nilitakiwa kukabidhi.

"Nichapie shukrani, dada," nilimwambia mchapaji wangu pale Dodoma.

"Nani alikusaidia, kaka? Kwa lipi?"

"Weka za kawaida. Mimi nilijitegemea."

Jioni alinipa ukurasa: "Namshukuru ........ kwa ........", mistari mitano.

"Watu wako siwajui. Jaza mwenyewe."

Nikaandika mama, aliyenilelea mwanangu nilipokuwa ng'ambo. Nikaandika wakulima waliojibu maswali yangu huku wakichuma. Nikaendelea na wengine. Mistari ikaisha, nikaomba karatasi nyingine.