Mstari Uliopita Jikoni kwa Shangazi

Mimi si mtu wa ramani. Shule niliachia darasa la nane, na hata leo nikiwekewa ramani mbele lazima kwanza nitafute barabara ya lami ndipo nijue kaskazini iko wapi. Lakini kazi yangu ya kulinda wanyama katika ranchi yetu ya ushirika ilinilazimisha kuishi na ramani. Ninayoandika hapa niliyaona mwenyewe, na pale ambapo sina hakika nitasema.

Ranchi iko kwenye nyanda kavu, ukitoka Machakos mjini kuelekea Athi River. Wanachama walinunua hisa zamani, na wakati huo walikuwa wameamua kuigawa, kila hisa ipate shamba na hati yake. Shangazi yangu, dada ya baba, aliuza sukuma wiki na nyanya sokoni Machakos nusu ya maisha yake ndipo akapata hisa moja. Alipoonyeshwa kipande chake hakungoja hati. Alijenga chumba na jiko la mabati, akapanda mbaazi na kunde, akazungushia seng'enge. Alikuwa akiniambia, "Hapa ndipo nitazeekea. Hata wakinizika, wanizike nikiangalia mbaazi zangu."

Shida ilikuwa nyumbu. Kila mwaka mvua za vuli zikishika, hutoka upande wa mto na kupanda kwenye nyasi fupi za juu kuzaa. Kila mtu akizungusha ua lake, watakwama katikati. Wanachama wengi walitaka kuwaachia njia, kwa sababu wageni wanaokuja kuangalia wanyama huiletea ranchi pesa kidogo. Swali lilikuwa njia ipite kwa nani. Ndipo kamati ikakubali watafiti wa chuo kikuu wawavishe nyumbu majike kadhaa kola za kuonyesha wanakopita.

Nilikuwepo siku ya kuvisha. Daktari wa wanyama wa serikali alimpiga jike mmoja sindano ya usingizi kwa bunduki. Alikimbia kidogo, akayumba, akalala. Tulimfunika macho kwa kitambaa, mimi nikashika pembe. Mtafiti, msichana mpole mwenye viatu vilivyojaa vumbi kuliko vyangu, akamfunga kola shingoni, kisha akapitisha vidole kati ya mkanda na ngozi kuona kwamba haimkabi. Alinieleza kuwa kile kijisanduku kinapokea mawimbi ya setilaiti, kinajua kiko wapi, kinaweka alama, halafu kinarusha zile alama kupitia setilaiti nyingine hadi kwenye kompyuta yake.

"Sasa mbona isiweke alama kila dakika?" nikamuuliza.

"Betri, dada. Kila alama inakula betri. Hii nimeiweka mara nne kwa siku, ndiyo idumu."

Nikaitikia kama mtu aliyeelewa.

Miezi ikapita, nyumbu wakapanda, wakazaa, wakashuka. Mtafiti akatuma ramani na karatasi za maelezo. Karani wa kamati alichapisha ramani kubwa kwenye saiba, duka la kompyuta la mjini, na ilikuwa nzuri kwa kweli. Alama za rangi zilirundikana juu kwenye nyasi fupi, nyingine zikarundikana ng'ambo ya barabara karibu na mto. Hapo ndipo nilipojua kwamba nyumbu hana nyumba moja. Eneo lake la maisha lilikuwa pana kuliko ranchi yetu yote, lakini ndani yake alikaa sehemu chache tu, na kati ya sehemu hizo mistari ilikatiza kama kamba ya kuanikia nguo.

Mstari mmoja ulipita juu ya shamba la shangazi. Tena haukupita pembeni, ulipita juu ya jiko.

Mkutano uliitwa kwenye banda la kuogeshea ng'ombe. Mwenyekiti, mzee mwenye sauti ya kanisani, aliweka kidole kwenye karatasi. "Njia ya wanyama tumeipata. Mama mwenye shamba hili tutamhamishia lile la kule mwisho wa ranchi."

Kule mwisho ni mawe matupu. Hata mbuzi hupita bila kuangalia.

Shangazi akasimama. "Mwenyekiti, huyu nyumbu alipita jikoni kwangu saa ngapi?"

"Ramani inasema usiku, mama."

"Usiku mimi niko wapi? Si niko hapo nimelala? Niko na mbwa wawili wanaobwekea hata kinyonga. Nyumbu apite kati ya sufuria zangu, na ile kola, nisisikie?"

Watu wakacheka. Mzee mmoja jirani yake, mwenye ng'ombe wengi kutuzidi, akapaza sauti, "Labda alikuja kuomba chumvi!"

"Angeomba, ningempa. Wewe ndiye hujawahi kuomba, unachukua tu."

Walicheka zaidi, lakini nilikuwa nikimtazama shangazi mkono. Ulikuwa unashika shuka yake kama mtu anayezuia kitu kisianguke.

Sikusema neno. Nitaeleza kwa nini, ingawa sijui kama nilifanya vizuri. Yeye ni shangazi yangu, na mimi nililipwa niwe macho ya kila mtu. Niliogopa kwamba nikimtetea nitakuwa namtetea kwa damu. Na tena ramani ilitoka setilaiti. Mimi ni nani nibishane na kitu kilicho juu mbinguni?

Lakini neno lake halikuniacha. Kesho yake nilikwenda kwenye seng'enge yake nikaizunguka yote. Manyoya ya nyumbu hayakuwepo, wala waya uliolegea. Nikampigia mtafiti simu.

"Kuna alama moja saa nne usiku huku mtoni," nikamwambia, "na nyingine saa kumi alfajiri kule juu. Hapo katikati alipita wapi?"

"Hapo katikati hatujui."

"Lakini kuna mstari."

"Mstari ni kompyuta imeunganisha alama mbili kwa njia fupi. Nilieleza kwenye zile karatasi. Zilisomwa?"

Hazikusomwa. Zilikuwa kwa karani, zimewekewa kikombe juu. Simlaumu karani peke yake, maana hata mimi sikuziulizia. Sisi sote tulikuwa tumetazama mstari tukaona njia, kama mtu anayekuona Jumatatu Katangi na Jumanne Mwala, akaapa kwamba ulikata moja kwa moja porini.

Mtafiti alikuja mwenyewe mbele ya kamati. Akasema kola zile zinaweza kupokea amri kupitia setilaiti, na wakati wa kupanda ukifika ataziagiza ziweke alama kila nusu saa. Betri zitakufa mapema, na yeye atapoteza miezi ya utafiti wake. Lakini njia itaonekana. Mwenyekiti akasema jambo lililonifanya nimheshimu: "Basi tungoje. Mtu hahamishwi kwa mstari wa kompyuta."

Mvua ilichelewa, halafu ikaja yote mara moja. Nyumbu wakaanza kusogea. Kila asubuhi mtafiti alinitumia alama kwenye simu, nami nilikwenda kwa miguu kuangalia nyayo na kinyesi, kwa sababu nilitaka nione kwa macho yangu kabla sijaamini chochote tena.

Safari hii alama zilikuwa nyingi, zikifuatana kama punje za mahindi zinazodondoka kwenye gunia lililotoboka. Zilitoka mtoni, zikaelekea kwa shangazi, halafu zikapinda! Zikashika korongo kavu lililo chini ya shamba lake, zikalifuata hadi mwisho, zikatokea juu kwenye nyasi. Majike wote wenye kola walifanya hivyo. Nilisimama ndani ya lile korongo, mchanga umechimbwa na kwato upande hadi upande, nikapiga kelele peke yangu. Ndege wakaruka.

Lakini haki ni haki. Alama moja ilianguka ndani ya kona ya shamba la shangazi, juu ya kunde. Nilikwenda kupima. Nyayo zilikuwa nje ya seng'enge, hatua chache tu. Mtafiti alisema alama ya kola huweza kukosea kiasi hicho. Nilijua kwenye mkutano ingeonekana vibaya, na shangazi aliniambia waziwazi, "Hiyo moja si unaweza kuifunika na kidole?"

"Siwezi, shangazi."

Akaniangalia. "Wewe ni baba yako kabisa," akasema, na mpaka leo sijui kama ilikuwa sifa.

Mkutano wa pili watu walijaa mpaka nje ya banda. Nilisimama, nikaanza kwa kusema huyu ni shangazi yangu, ili kila mmoja alijue hilo kabla ya kunisikiliza. Nikaonyesha njia ya korongo. Kisha nikaonyesha ile alama ya kwenye kunde, nikaeleza nilichokikuta pale.

Mzee wa ng'ombe akasimama. Korongo linapakana na malisho yake, na hakuwa na utani. "Nyumbu akizaa, ndama wake ana ugonjwa unaoua ng'ombe. Mwaka juzi nilizika fahali. Mnamwokoa huyu mama, mnaniua mimi. Na wale nyumbu wasio na kola, mnajuaje wanapita huko?"

Yote mawili yalikuwa maswali ya kweli. La kola nilimjibu kwamba kola inamsema aliyeivaa tu, na hao wengine niliwafuata kwa nyayo, nao walipita korongoni. Anayetaka kuhakikisha twende sasa hivi. La ugonjwa nikamwachia mtafiti, aliyekuwa ameketi mbele. Yeye akaonyesha kwamba majike walipita korongoni usiku mmoja tu wakiwa bado na mimba, na wakazalia juu kabisa. Hatari iko kule juu, na pale korongoni ni wakati wa kushuka wakiwa na ndama. Mwenyekiti akamwuliza mzee, je, akipigiwa simu mapema kila nyumbu wanaposogea, atapeleka ng'ombe upande mwingine mpaka wapite? Na ranchi impe malisho hayo bila malipo?

Mzee akamgeukia mwenyekiti. "Simu ipigwe kweli," akasema. "Isiwe ahadi ya kamati."

"Nitapiga mimi," nikasema.

Mikono ikainuka kuchagua njia ya korongo. Wa mzee wa ng'ombe ulichelewa, lakini uliinuka. Shangazi alipiga vigelegele hadi mbwa wa banda wakaanza kubweka, akina mama wakamdaka, wakaimba kwa Kikamba wakimzungusha, na mwenyekiti mwenye sauti ya kanisani akajikuta anaitikia. Mpimaji alipokuja kuweka bikoni za mipaka, shangazi alimshikia ile ya mwisho, akaipiga nyundo mwenyewe.

Wakati wa kushuka ulipofika, kola moja tu ndiyo ilikuwa bado na betri. Alama zake zilipoanza kushuka, nilimpigia mzee wa ng'ombe jioni. Alfajiri simu yangu ikalia, ni yeye.

"Wamepita," akasema, anahema kama aliyekuwa akikimbia. "Wote, na ndama wao, hapo hapo korongoni. Ng'ombe wangu wako mbali. Mwambie yule msichana. Mwambie wamepita!"