Vifuniko Viwili vya Sista Kanini

Mfukoni mwa koti lake jeupe, Sista Kanini hutembea na vifuniko viwili vyekundu vya chupa za soda. Kwenye kliniki ya Gitothua, mjini Ruiru, wenzake walishachoka kumtania. Wapo waliodhani anavikusanya ili ashinde pikipiki kwenye shindano, naye hakujisumbua kuwasahihisha. Ni mama wa miaka hamsini na miwili, mfupi, muuguzi wa macho, na hana saa ya kumweleza mtu jambo ambalo mtu huyo hajaliuliza vizuri.

Nyumbani kwake ni Witeithie, na nyanya hununua kwa Wakonyo, msichana wa miaka ishirini mwenye kibanda kando ya barabara. Jicho la kushoto la Wakonyo halioni. Kanini anajua kwa nini. Wakonyo hajui. Alipokuwa na miaka minane aliletwa kliniki kope ikiwa imevimba, na siku hiyo foleni ilikuwa ndefu, na Kanini aliitazama kope tu, akatoa dawa ya kupaka bila kulifungua jicho lenyewe. Siku tatu baadaye mtoto alirudi jicho limetokeza, na mshipa wa kuonea ulioko nyuma yake ulikuwa umeshakufa kwa kubanwa na usaha. Kanini ndiye aliyewakimbiza hospitali, na mama wa mtoto alimshukuru kwa hilo mpaka alipofariki. Kanini hakuwahi kumwambia ukweli. Kwenye kibanda, Kanini husimama upande wa kushoto wa Wakonyo, ule usioona.

Sasa sikiliza yaliyotokea Jumanne moja mwezi wa saba, baridi ilipokuwa kali na kila mtoto wa Ruiru ana kamasi.

Kavindu, fundi wa kushona kwenye kiwanda cha nguo, alimleta binti yake Mwendwa, wa miaka sita. Jicho la kulia lilikuwa limevimba likajifunga. Mburu, daktari kijana wa chumba cha kwanza, alimpima akamaliza kwa dakika tano.

"Ni mdudu amemuuma, Sista," alimwambia Kanini mlangoni. "Infection ya kope tu. Hana hata joto, iko thirty-seven. Nimempatia dawa ya kumeza, arudi Ijumaa."

"Umefungua jicho?"

"Haifunguki, imefura sana. Na mtoto analia."

Kanini alimchukua mtoto. Alimweka kwenye kiti karibu na dirisha, akaitafuta alama ya mdudu kwenye ile kope. Hakuna. Akatafuta mkwaruzo, kipele, chochote. Hakuna.

"Mama Mwendwa, huyu alikuwa na mafua?"

"Wiki mzima, Sista. Na alikuwa anasema kichwa inamuuma hapa katikati ya macho."

"Na usiku alikuwa na joto?"

"Wui! Alikuwa anachomeka kama jiko."

"Na leo asubuhi ulimpa nini?"

Kavindu aliinamisha kichwa. "Nilimpa ile syrup ya homa kabla tutoke. Singeweza kumleta akilia hivyo mbele ya watu."

Hapo ndipo palipojificha ugonjwa. Akina mama wa mtaa ule hawamleti mtoto kliniki kabla ya kumwogesha, kumpaka mafuta na kumpa dawa ya homa, kwa sababu ni aibu kuleta mtoto mchafu anayelia. Kipimajoto cha Mburu kilisema kweli, ila kilisema kweli ya syrup.

Kanini aliloweka pamba kwenye maji ya chumvi, akaiweka juu ya kope, akasubiri. Kisha akaifungua polepole kwa vidole viwili. Jicho lilikuwa limesukumwa mbele. Akasimama nyuma ya mtoto, akatazama kutoka juu ya paji la uso, na kweli, la kulia lilikuwa limelitangulia la kushoto.

"Mwendwa, fuata kidole changu. Usisongeshe kichwa."

Jicho la kushoto lilikwenda. La kulia lilisogea kidogo likagoma, na mtoto akapiga yowe. Kope ikiwa ndiyo inayougua peke yake, jicho lililo chini yake huzunguka bila shida na bila maumivu. Hili lilikuwa linauma likizunguka, na lilikuwa halizunguki.

Akatoa vifuniko. Akaliziba jicho bovu, akamwonyesha kimoja. "Rangi gani?"

"Red."

Akaliziba zuri, akalifungua bovu. "Na hii?"

Mtoto alisita. "Hiyo ni kama chai."

Jicho likianza kuuona wekundu umefifia, mshipa wa nyuma unabanwa, na hesabu yake ni ya saa, si ya siku. Alimjaribu shingo, ikakunjika vizuri, dalili kwamba ugonjwa haujafika kwenye ubongo, na hilo alilishukuru.

"Mburu! Weka laini ya dripu, tunampa dozi ya kwanza ya antibiotiki hapa hapa. Hii iko ndani, kwenye tundu la jicho. Imetoka kwa pua. Anaenda hospitali ya Thika, na ninaenda naye."

"Sista, na foleni?"

"Foleni ni yako."

Mburu aliweka laini, akaipata mara ya kwanza. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Pole, Sista." Kanini hakuwa na nafasi ya hasira. Alijitambua ndani ya kijana yule vizuri mno.

Njiani alimpigia simu daktari wa macho wa hospitali waliyokuwa wakienda, akamsomea yote bila kupamba: homa iliyofichwa, jicho limetokeza, haligeuki, linauma, rangi imefifia. Daktari alisema wapitie moja kwa moja kwenye skani, naye angemwita mwenzake wa pua na masikio.

Kwenye chumba cha skani walimkuta Barasa, mwendesha mashine, na daftari la miadi limejaa.

"Mama, kope iliyofura inaweza ngoja kesho saa mbili."

"Kope ingengoja. Hii si kope." Kanini akatoa vifuniko, akafanya tena mbele yake. Safari hii mtoto alisema, "Hiyo sioni rangi."

Barasa aliutazama uso wa mtoto, akalifunga daftari. "Alikula saa ngapi? Laini ya dripu inapitisha vizuri? Mleteni."

Picha zilionyesha mashimo ya hewa kando ya pua yamejaa, na mfuko wa usaha umejipenyeza kati ya mfupa na jicho, ukilisukuma. Jioni ile ile, kabla hata jua halijazama, usaha ulikuwa umetolewa kupitia puani. Kavindu alilia kwenye benchi akimshika Kanini mkono, na Kanini akalia pia, waziwazi, wala hakutafuta kitambaa.

Ijumaa alirudi Thika. Mwendwa, bado ana dripu, alivitazama vifuniko kwa jicho moja, kisha kwa jingine.

"Zote ni red," alisema kwa kuchoshwa. "Kwani hauna ya rangi ingine?"

Kavindu akasema Mungu ambariki Sista, na hajui angemlipa nini. Kanini aliitika tu. Alikuwa ameshazisikia shukrani kama hizo, mahali asipostahili.

Jioni alishuka Witeithie. Wakonyo alikuwa anapanga nyanya, akageuza kichwa kama kawaida kumtafuta mteja ambaye husimama upande wake wa giza. Lakini Kanini hakuwa upande huo. Alikuwa ameuzunguka mkokoteni wa viazi, akasimama kulia, mahali anapoonekana uso mzima.

"Sista! Leo umekuja na huku?"

"Nimekuja na huku," Kanini alisema. "Weka nyanya chini kwanza, mwanangu. Nina jambo la jicho lako, na nilipaswa kukuambia zamani."