Sanduku la Watoto Mia Sita

Kila nusu saa alikuwa akiinuka mezani, anakwenda kwenye kibanda cha bati nyuma ya stoo, anainama, anasoma, anarudi. Wahudumu wa hospitali ya wilaya walimzoea zamani. Wanamwita Bi Barafu. Kwa miaka ishirini na mbili ametunza chanjo za wilaya nzima, na bintiye humpokea mlangoni kwa swali lile lile: "Mama, leo jokofu umeliacha kazini au umekuja nalo?"

Wiki hiyo alikuja nalo.

Jumatatu asubuhi bajeti ya kampeni ya surua ilirudi kutoka juu. Watoto elfu ishirini na nne, milioni hamsini na saba na laki sita, yaani elfu mbili mia nne kwa kila mtoto. Pembeni Mganga Mkuu wa wilaya aliandika kwa kalamu nyekundu: isizidi elfu mbili mia mbili hamsini. Irudi Ijumaa saa nne.

Mhasibu, kijana nadhifu wa miaka thelathini, alikuwa na jibu kabla chai haijapoa.

"Toa vijiji vya mlimani, mama. Watoto mia sita tu, na wanakula karibu milioni tano. Elfu nane na ushee kila mmoja! Ukiwatoa, hesabu inakaa kama kofia kichwani. Elfu mbili mia mbili hamsini kamili."

"Umewatoa kwenye pesa, na kwenye idadi pia?"

"Ndiyo. Lazima."

"Basi wametoka kwenye karatasi, mwanangu. Kwenye mlima bado wapo."

Miaka minne nyuma alikubali hesabu kama hiyo. Miezi saba baadaye nesi wa zahanati ya mlimani alimpigia simu kuomba vitanda vya watoto. Bi Barafu hajawahi kusimulia simu ile ilivyoisha.

Kilichokula pesa ya mlimani kilikuwa gari. Kwenye mpango, kila asubuhi lingepandisha timu na barafu mpya, lishuke, jioni lipande tena kuwachukua. Safari nane kwa siku nne. Je, timu ikilala huko kwenye darasa la shule, na sanduku kubwa la baridi likabaki nao? Safari zingekuwa mbili. Hata baada ya kulipia malazi, milioni mbili na laki saba zingeokolewa. Laki tisa zilizobaki kufikia kiwango cha Mganga Mkuu zingetoka kwenye gari la matangazo la mjini, ambako redio inasikika kila nyumba. Wapiga mbiu wa mlimani, wanaopita nyumba kwa nyumba kwa miguu, hakuwagusa.

Swali lilikuwa moja: barafu itafika jioni ya nne?

Hakuamini maandishi ya kiwandani. Alitoa pakiti za barafu kwenye friza, akazisubiri zitoe jasho na maji yasikike ndani, zisije zikagandisha chanjo, akazipanga sandukuni na vichupa vitupu vilivyojazwa maji na kipimajoto chenye kioo cha nje. Akaliweka kwenye kibanda cha bati Jumatatu hiyo hiyo. Kila siku alilifungua mara nne, kama timu ingefanya.

"Unamchemshia nani kwenye joto hilo?" dereva aliuliza.

"Nakuchemshia wewe. Likishindwa, utapanda mlima mara nane."

Dereva akaacha kucheka. "Basi tuliombee, shangazi."

Mpaka wa juu wa joto kwa chanjo ni nyuzi nane. Jumanne ilikuwa tatu na nusu. Jumatano jioni, tano nukta mbili. Usingizi ulimruka. Alhamisi mchana, saba kamili, na bati lilikuwa likilia kwa jua. Mhasibu alikuja kusimama karibu naye, mikono mfukoni, bila utani.

Saa kumi jioni: saba nukta tisa.

"Limefika!" mhasibu alisema. "Mama, limefika!"

"Limefika hapa. Kule watalifungua mara ya tano, mtu akiwa na haraka."

Akaongeza mstari mmoja: pikipiki, asubuhi ya siku ya tatu, kupeleka barafu. Elfu sitini. Mhasibu akagawa, akagawa tena.

"Elfu mbili mia mbili hamsini na mbili na nusu. Umezidisha. Mganga Mkuu atairudisha!"

"Airudishe kwangu."

Ijumaa Mganga Mkuu alisoma, kidole kikishuka ukurasa, kikasimama kwenye pikipiki.

"Nilisema isizidi."

Bi Barafu alisukuma mbele karatasi ya joto, siku nne za kusoma kwa mwandiko wake.

"Imezidi shilingi mbili na nusu kwa mtoto, daktari. Hiyo nukta moja iliyobaki chini ya nane, mimi siwezi kuisainia bila pikipiki. Kama wewe unaweza, ifute hapo, uweke sahihi yako pembeni."

Mganga Mkuu alifungua kalamu nyekundu. Akaishika juu ya mstari kwa muda ambao mhasibu baadaye aliapa ulikuwa dakika nzima. Kisha akaifunga, akachukua ya bluu, akasaini chini kabisa.

Bi Barafu alishukuru, akatoka kwa hatua za haraka. Mlimani ni Jumatatu, na friza huchukua siku nzima kugandisha awamu moja. Alihitaji awamu tatu, na umeme ulikuwa umekatika mara mbili wiki hiyo.